Dawa ilikuwa na ruhusa, mafuta hayakuwa nayo

"Dawa huruhusiwa, kwa hiyo raia haumii na vikwazo." Sisi wa Kigoma tuliona vingine. Majirani walipoiwekea Burundi vikwazo Julai 31, 1996, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikuwa limeviamuru. Azimio lake 1072 la Agosti 30 liliunga mkono tu juhudi za viongozi wa kanda. Nilikuwa karani bandarini. Katoni za dawa zilikuwa na ruhusa, lakini meli inakunywa dizeli, na jokofu la chanjo kijijini liliwaka kwa mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa kwenye zuio. Kila pipa la misaada liliombewa kibali chake. Chakula kililegezewa zuio Aprili 1997, miezi minane baadaye! Wanasheria, uhalali wa msamaha huo wa dawa mnaupimia kwenye maandishi au gatini?