Pea moja, wateja wawili: stoki itoke kwenye oda ama kwenye malipo?

"Wadau, nauza viatu vya mtumba mtandaoni, kila pea ni moja tu. Wikendi wateja wawili wamelipia pea moja kwa M-Pesa na stoki inasoma 0 kama kawaida. Nitoe stoki mtu akiweka oda ama akishalipa?"

Angalia hiyo 0 kwanza bosi, maana inasema mengi. Kama mfumo ungekuwa unatoa moja kila mauzo ungekuta -1. Ukikuta 0 na oda mbili zimelipwa, basi karibu hakika programu yako inasoma stoki, inapiga hesabu yenyewe pembeni, alafu inarudi kuandika jibu. Oda 501 inasoma 1, oda 502 nayo inasoma 1 kabla mwenzake hajaandika, kila mmoja anatoa moja anapata 0, kila mmoja anaandika 0. Databesi haijakosea, imeandika ulichoiambia mara mbili. Ndo maana hili kosa linaweza kukaa miezi bila mtu kulishtukia, ripoti ya stoki iko safi kabisa, unajua tu siku mteja wa pili anapiga simu kuuliza kiatu chake kimefika wapi.

Wengi wakifika hapo wanazungushia muamala wa databesi, BEGIN juu COMMIT chini, wanalala. Haisaidii, kwa sababu SELECT ya kawaida kwenye PostgreSQL au MySQL haimzuii mwingine kusoma ileile 1. Ukiongeza FOR UPDATE hapo sawa, wa pili anasubiri wa kwanza amalize, lakini nimeona watu wanashika hiyo kufuli wakati wanangoja mteja aweke PIN kwenye simu, sasa huyo mteja ameenda kutafuta chaji na wewe muunganisho wako wa databesi uko pale umekwama, wakija kadhaa kama hao websaiti yote inaganda. Njia nyepesi ni kuangalia na kuandika viwe amri moja. Kwa vile kila pea yako ni moja, huhitaji hata namba ya stoki, unahitaji kujua imeshikwa na oda gani na mpaka lini (hii ni PostgreSQL):

```sql
UPDATE viatu
SET oda_id = 502,
    mwisho = now() + interval '5 minutes'
WHERE id = 42 AND hali = 'ipo'
  AND (mwisho IS NULL OR mwisho < now());
```

Wakija wawili kwa sekunde ileile, mmoja anashika mstari, wa pili anasubiri kidogo, alafu databesi inampimia masharti upya kwa hali mpya na anakosa. Programu yako inaangalia imebadilisha mistari mingapi. Ikiwa 1 mtumie STK push, ikiwa 0 angalia hali, kama ni 'imeuzwa' mwambie imeshaenda, kama bado ni 'ipo' mwambie kuna mtu anailipia, ajaribu tena baada ya dakika tano. Usipoangalia hiyo namba umefanya kazi bure, amri iliyobadilisha mistari 0 haipigi kelele wala haileti kosa lolote.

Sasa swali lako lenyewe. Upande wa kutoa stoki mtu akishalipa una hoja na siyo ya kijinga. Watu wanabonyeza Lipa bila nia, mwingine hana salio, mwingine anaona ile meseji ya PIN anaifuta (hiyo inarudi na ResultCode 1032), mwingine simu haipatikani kabisa (1037). Kila mmoja wa hao akishika pea kwa dakika tano, mteja mwenye hela mkononi anaambiwa imeshikwa na anahamia kwa jirani. Na mshindani mwenye roho mbaya anaweza kukaa anabonyeza Lipa kwenye viatu vyako vyote jioni nzima bila kutoa hata shilingi. Anayetoa stoki kwenye malipo hana hayo yote, ana tatizo moja tu, wawili kulipa.

Na hilo tatizo bei yake inategemea unauza nini. Mtu anayeuza chaja mpya na muuzaji wake wa jumla yuko mtaa wa pili, akiuza moja zaidi anatuma kijana anachukua nyingine, mteja hata hajui. Huyo mimi ningemwambia aache stoki iende -1 na aendelee na maisha. Wewe pea ya Gikomba saizi 42 rangi ile, hakuna nyingine, ukiuza mara mbili lazima urudishe hela, uombe msamaha, na huyo mteja kuna uwezekano hatakuamini tena. Kwa mtumba naona kushika kabla ya malipo kunashinda, lakini ushike anapobonyeza Lipa, siyo anapoweka kwenye kikapu, kwa sababu kikapu watu wanakitumia kama sehemu ya kutamania tu. Na ikija 1032 ama 1037 achia pea hapohapo, usingoje dakika tano ziishe, hapo unakuwa umepunguza sana ile hoja ya upande wa pili. Wa kubonyeza makusudi mwekee kikomo, namba moja ya simu isishike zaidi ya pea mbili kwa wakati mmoja.

Kushika nako kuna shimo lake, majibu ya malipo yanayochelewa. Mteja 502 ameweka PIN, hela imetoka, lakini seva yako ilikuwa chini ama mtandao ulisumbua, habari inakufikia dakika ya saba wakati muda wake umeisha dakika ya tano. Hapo ndo amri ya pili inaonyesha thamani yake:

```sql
UPDATE viatu SET hali = 'imeuzwa'
WHERE id = 42 AND oda_id = 502
  AND hali = 'ipo';
```

Ona haiulizi muda kabisa. Kama hizo dakika mbili hakuna aliyekuja, pea bado imeandikwa 502 na mteja anaipata, hana habari kwamba alichelewa. Kama 503 ameshaishika, unapata 0, na huyo 502 anarudishiwa hela. Kuna atakayesema ni uonevu, kalipa kweli na aliyeishika bado hata hajaweka PIN, na ni kweli, lakini 503 umeshamtumia STK push na huwezi kuwa na hakika kumzuia kutafaulu kabla hajabonyeza. Mimi bora nimrudishie mmoja kuliko wawili wabishane. Unaweza kupunguza hizi kesi kwa kuiuliza Daraja hali ya muamala kabla muda haujaisha, badala ya kukaa unangoja uletewe.

Alafu kuna mtego mmoja hapo hapo. Taarifa ya malipo ileile inaweza kukufikia mara mbili, na mara ya pili amri itarudisha 0 kwa sababu hali tayari ni 'imeuzwa', sasa programu inayosoma kila 0 kama "pea imeenda kwa mwingine" itamrudishia hela mtu ambaye kiatu kiko njiani kwake. Kwa hiyo kabla ya chochote tafuta CheckoutRequestID kwenye jedwali la malipo, na uiwekee UNIQUE, ikiwa ipo tayari nyamaza.

Na kama viatu hivyohivyo vinatundikwa pia kwenye kibanda na dada wa pale anauza kwa keshi, hizi amri hazimuoni. Naye aishike pea kwenye mfumo kabla hajapokea noti na aiweke 'imeuzwa' akishapokea, ama pea za mtandaoni zikae kwenye gunia lao peke yake.