Mbweha hupita pale ulipotoka

Kila ninapomfundisha mtu mchezo wa mbweha na bukini, anagombea kuwa mbweha. Namwelewa. Mbweha yuko peke yake lakini anakwenda mbele na kurudi nyuma apendavyo, ilhali bukini wanne wanasonga mbele tu. Mimi nachagua bukini bila kusita. Kwenye ubao wa drafti, bukini asipokosea hata mara moja, mbweha hana pa kutokea. Akishinda, ujue mlango alifunguliwa.

Kuna aina ya zamani zaidi, ya ubao wa msalaba wenye vituo 33, ambapo mbweha huruka bukini na kuwala. Hiyo siigusi leo. Kwenye drafti hakuna kula. Kete zote zinakaa kwenye miraba myeusi na kila hatua ni mraba mmoja kimshazari. Mbweha akifika safu walikoanzia bukini, ameshinda. Akikosa pa kwenda, amekwisha.

Tuite nguzo a hadi h, na tuhesabu safu kuanzia upande wa bukini. Wanaanza a1, c1, e1 na g1. Ukiwatazama hivyo, ukuta unaonekana una matundu, maana kuna mraba mtupu kati ya kila wawili. Hayo si matundu. Mbweha akija d2 anakuta c1 na e1 zote zina wenyewe, harudi ila alikotoka. Tundu la kweli ni mraba ambao bukini ameuacha nyuma yake bila mlinzi, na anayeanza huu mchezo haoni hilo kwa sababu macho yake yako mbele, kwa mbweha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atangulie. Jibu ni bukini wa ukingoni, ila si ukingo wowote. Peleka a1 kwenda b2. Mraba a1 ulioachwa unaingilika kupitia b2 tu, na b2 sasa ina mtu. Ukianza na g1 kwenda h2, umeacha g1 wazi kwa mbweha atakayefika f2. Baada ya b2 inafuata c1 kwenda d2, kisha e1 kwenda f2, kisha g1 kwenda h2. Safu inayofuata unageuza: sasa h2 ndiye wa kwanza, anakwenda g3, na unarudi kuelekea kushoto. Ni kama mtu anayesuka ukili, mkono unakwenda huku, unarudi kule.

Raha yangu kubwa iko mwisho wa mzunguko wa kwanza. Bukini wako b2, d2, f2, na g1 bado hajapanda. Mbweha mwenye tamaa anaingia h2 kumzibia g1 njia. Wewe sogeza f2 kwenda g3 tu. Kutoka h2 kuna milango miwili, g1 na g3, na yote imefungwa. Nimeona watu wakiutazama ubao dakika nzima wakitafuta wa tatu.

Sasa ubaya. Bukini wako b2, d2, e1, g1, na mbweha amekaa f2, palepale unapotaka kuweka mguu. Kama zamu ni yake, huna wasiwasi: lazima aondoke kwenda e3 au g3, nawe unapandisha e1 kwenda f2 na ukuta umekaza. Kama zamu ni yako, ni balaa. Nilishawahi kusogeza d2 kwenda c3 hapo, nikidhani napoteza muda kwa usalama. Mbweha akaja e3, akitishia d2. Nikaziba kwa e1 kwenda d2. Akarudi f2 taratibu, na e1 ikawa tupu mbele yake. Hatua nne tu, mbili zake na mbili zangu, na mchezo umekwisha. Mpinzani wangu hakusema neno, alianza kupanga kete upya.

Ubao ni uleule na kete ni zilezile. Kilichobadilika ni zamu. Na zamu hairekebishiki kwa kungoja, kwa sababu hakuna ruhusa ya kupita na bukini hana hatua ya kurudi. Ndiyo maana simkubali anayesema bukini ni kusukuma tu. Kabla ya kugusa kete natazama mraba ninaoutaka, nahesabu mbweha atafika hapo kwa hatua ngapi, na atakapofika itakuwa zamu ya nani. Nikiona itakuwa yangu, nabadilisha bukini wa kusogeza mapema, mbweha akiwa bado mbali safu mbili tatu. Akishakaa puani mwangu, hesabu hiyo imechelewa.