Damu ya usiku wa leo ilichangwa wiki iliyopita

"NDUGU ZANGU DAMU IMEISHA HOSPITALI!!! Mama zetu na watoto wanakufa sasa hivi tunapoongea. Inatakiwa damu, hasa O hasi. Njoo LEO. Usipokuja, damu yao iko mikononi mwako. Sambaza magrupu yote."

Tangazo la namna hii halina tarehe, halitaji hospitali wala namba ya mtu wa kuulizwa, na linaweza kuzunguka kwenye simu miezi kadhaa baada ya shida yenyewe kuisha. Kila ninapopendekeza liandikwe upya, nakutana na jibu moja: anayetaka lugha tulivu hajawahi kuona mama akivuja damu baada ya kujifungua. Jibu hilo nalisikiliza kwa heshima, kwa sababu mara nyingi linatoka kwa wakunga na wauguzi. Wamesimama mbele ya friji tupu, na wanajua mama anaweza kupoteza uhai ndani ya saa chache. Hoja yao ni kwamba watu husogea wakishtuliwa, na tangazo la upole husomwa na kuachwa.

Kuna ukweli ndani ya hoja hiyo. Mshtuko huleta watu. Jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa jijini Nairobi mwezi Septemba 2013, foleni za wachangiaji zilikuwa ndefu bila mtu kulazimika kubembeleza. Tena, kwenye hospitali ndogo iliyo mbali na kituo cha damu cha kanda, ndugu huchangia asubuhi, maabara hupima kwa vipimo vya haraka, na damu hiyo hiyo inaweza kufika wodini siku ile ile. Mahali kama hapo, "leo" si neno la kutishia watu.

Kwa kampeni ya uchangiaji yenye mahema na viti, ile inayofanyika uwanjani au kanisani, "leo" ina maana nyingine. Mchangiaji hutoa kama mililita 450, na sampuli zake hupelekwa maabara. Huko hupimwa kundi la damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Mfuko hauruhusiwi kutoka mpaka majibu yote yawe safi, na kulingana na umbali wa maabara hilo huchukua siku moja au zaidi. Kwa hiyo mama anayevuja damu usiku huu ataokolewa na mtu aliyechanga wiki iliyopita. Anayechanga leo anamwokoa mgonjwa ambaye bado hajafika hospitali. Kumwambia kwamba mtu anakufa "sasa hivi" akisubiri damu yake ni kumwambia jambo ambalo si kweli, na mchangiaji makini akishalijua, tangazo la pili hatalijali.

Hesabu inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni ya kalenda. Damu nzima iliyowekwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuhifadhi damu iitwayo CPDA-1 hukaa siku 35 kwenye jokofu. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 tu. Mwanamume akishachangia husubiri miezi 3 kabla ya kurudi, na kwa taratibu za Tanzania mwanamke husubiri miezi 4. Sasa chukua kampeni moja ya Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, shule zimeshafungwa, na tangazo la kutisha limefanya kazi yake hata wakaja watu 200. Mifuko isiyotumika itafika mwisho wa muda wake tarehe 17 Januari. Wanaume waliochangia hawaruhusiwi kurudi mpaka tarehe 13 Machi, na wanawake mpaka Aprili. Katikati zipo karibu wiki nane ambazo damu ya watu hao haiko tena kwenye jokofu, na wao wenyewe hawawezi kutoa nyingine. Tangazo lililowakusanya wote siku moja ndilo lililoliunda pengo hilo.

Jambo hili limewahi kuonekana kwa ukubwa wa kutisha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani walichangia karibu uniti nusu milioni zaidi ya kawaida katika wiki chache, ilhali majeruhi wa siku ile walihitaji uniti zisizofika 300. Nyingi zilimwagwa kwa kupitwa na muda. Sisi hatuna damu ya kumwaga, lakini kalenda ya jokofu ni ile ile kila mahali. Ndiyo maana tangazo la kweli halipaswi kusema "njooni wote leo". Linapaswa kuwagawa watu kwenye tarehe.

Pili ni usalama, na hapa ndipo watetezi wa tangazo la kelele hunyamaza mapema mno. Kabla ya kuchangia, mtu huulizwa maswali ya siri: dawa anazotumia, ugonjwa wa karibuni, mwenendo wake wa ngono. Maswali hayo yapo kwa sababu kipimo kina mpaka wake. Aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupimwa akaonekana mzima huku damu yake ikiwa na virusi. Kinga iliyobaki ni ukweli wa mchangiaji mwenyewe. Sasa mtu aliyeambiwa damu ya watoto iko mikononi mwake, amekuja na wenzake wa kazini, nesi anamuuliza swali la aibu: atasema kweli na kuondoka mbele ya wenzake? Shinikizo humfundisha kuficha. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limesisitiza uchangiaji wa hiari usio na malipo kwa sababu hiyo. Wapo watafiti, hasa waliofanya kazi Ghana, walioonyesha kwamba ndugu wa mgonjwa wanaochangia kwa mara ya kwanza hawana maambukizi mengi kuliko wa hiari wanaochangia kwa mara ya kwanza. Nakubali uzito wa hoja hiyo. Lakini hata wao wanakubaliana na wengine kwamba damu salama kuliko zote ni ya anayerudi mara kwa mara, na huyo hapatikani kwa kutishwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, tangazo lisiahidi "kupimwa Ukimwi bure". Linavutia yule mwenye wasiwasi na hali yake, ambaye ndiye asiyepaswa kuchangia wiki hiyo. Liseme tu kwamba damu itapimwa na majibu ni siri, na anayetaka kujua hali yake aende kituo cha ushauri na upimaji.

Halafu kuna "hasa O hasi". Kundi hilo ni adimu kwetu, na kweli linahitajika. Lakini kundi O kwa jumla ndilo lenye watu wengi Afrika Mashariki, karibu nusu, na walio wengi sana kati yao ni chanya, kama walivyo wagonjwa wao. Msomaji wa O chanya akikuta neno hilo anaona hakuitwa, anaipita meseji. Asiyejua kundi lake, na hao ni wengi, naye anakaa nyumbani. Mwito wa O hasi upigwe kwa simu kwa wale wanaojulikana.

Tuseme basi hospitali ya wilaya inatumia uniti 6 kwa siku na imebakiwa na 18. Tangazo langu lingekuwa hivi:

"Hospitali yetu ina damu ya siku 3. Tunahitaji iwe na akiba ya siku 7. Shule zimefungwa, na wanafunzi ndio wachangiaji wetu wengi, kwa hiyo upungufu utaendelea mpaka Januari. Tunaomba watu 40 Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, ukumbi wa shule ya msingi ulio mkabala na stendi. Kundi lolote, hata kama hulijui lako. Unaweza kuchangia ukiwa na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, na unajisikia mzima. Usije kama una mimba au unanyonyesha, au kama hujamaliza dozi ya malaria. Kula na kunywa maji kabla ya kuja. Utaulizwa maswali kwa siri, utapimwa wingi wa damu, utachangia kwa dakika kama 10, utapumzika na kunywa kitu. Tenga saa moja. Huwezi tarehe 13? Tuandikie jina lako kwa tarehe 20 Desemba au 3 Januari. Tarehe hizo zina uhitaji sawa. Tangazo hili linaisha Jumamosi saa 8:00 mchana."

Chini yake ingekuwa namba ya simu ya maabara. Haraka iko mstari wa kwanza, na inaweza kuthibitishwa: mtu yeyote akipiga simu maabara ataambiwa idadi ile ile. Sababu ya upungufu imetajwa, na msomaji anayejua kwamba shule hufungwa Desemba ataona mwenyewe kwamba haizuliwi. Masharti yamewekwa kabla ya nauli. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mwenye kilo 47 aliyepanda daladala mbili na kurudishwa mlangoni ni vigumu kumwona tena, hata akiongezeka uzito. Lugha ya kurudishwa nayo ina uzito wake: aliyekutwa na damu pungufu aambiwe kiasi alichonacho na arudi lini, asiambiwe tu "hufai".

Wakosoaji watasema ni refu. Ni refu kweli kuliko lile la kelele, na kwenye bango ningeacha mistari minne: akiba ya siku 3, tarehe na mahali, nani anaweza, namba ya simu. Watasema pia kwamba watakuja wachache. Huenda siku ya kwanza watakuja wachache. Kampeni ipimwe kwa idadi ya waliorudi Machi na Aprili.

Inabaki dharura halisi: ajali ya basi usiku, au mama aliyevuja damu na jokofu halina kundi lake. Wauguzi wana haki ya kupaza sauti hapo, ila sauti hiyo isiende kwenye magrupu yote. Iende kwenye daftari. Kila anayechangia aandikwe jina, simu, kundi na tarehe aliyochangia, na anayekubali kupigiwa usiku awekewe alama. Ikitokea shida, mtu wa maabara anapiga simu kwa watu kumi wa kundi husika waliotimiza miezi yao, na anawaambia kweli kwamba ni leo. Kazi hiyo inahitaji mtu mmoja mwenye zamu na muda wa maongezi uliolipiwa na hospitali, na mahali pengi hakuna vyote viwili. Ningependa fedha zinazotumika kuchapisha fulana za kampeni zianzie hapo.