Jedwali liko wapi, jamani?

Picha imeingia kwenye WhatsApp, chini yake ujumbe: "Nijumlishie kilo za jedwali hilo, haraka." Jedwali lipi? Unaikuza picha, unaigeuza, unatafuta hata mstari mmoja. Kuna aya tatu za ripoti ya kahawa ya Masaka, na ya mwisho inasema "Jedwali la 4 linaonyesha mavuno." Ukurasa umeishia hapo! Jedwali lenyewe liko nyuma ya karatasi, na karatasi iko mezani kwake. Yeye analiona. Sisi tulioko Kampala tutaliona kwa macho gani?

Ukimwambia halipo, anajibu: "Angalia vizuri." Kisha anatuma picha ileile!

Wa Excel ndio wanaotumaliza kabisa. Anauliza kwa nini jumla ya safu ya G imekosea, na picha ya skrini inaanzia A, inaishia D. Herufi ziko pale juu, zisome! Simu hupiga kilichopo kwenye kioo tu. Safu zilizojificha kulia hazimo. Na hata G ikionekana, namba peke yake hazitoshi. Gusa seli ya jumla kwanza, fomula itokee, ndipo upige. Kama imeandikwa `=SUM(G2:G9)` na mistari inafika 14, kosa ni hilo, mistari mitano imeachwa nje. Bora zaidi, tuma faili lenyewe.

Kabla ya kutuma, fungua picha, weka kidole juu ya hicho unachokiulizia. Kidole kikikosa pa kutua, unatuma nini?