Picha ya pakiti ya mRDT inasema nini, na inaishia wapi

Siku hizi mtu akinunua mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, au UPT, kile cha mimba kwa mkojo, akaona tarehe imekaa upande, anapiga picha anairusha kwenye magrupu, na muda si mrefu watu washahukumu, feki hiyo. Watu wa maabara wakisema picha ya pakiti haithibitishi kipimo wanaonekana wanatetea wauzaji. Mi naona hawajaeleweka, ingawa kuna jambo moja ambalo picha inalikamata vizuri sana, nalo ni tarehe iliyochezewa.

Tuseme umetumiwa picha za mRDT, boksi limeandikwa limetengenezwa MFG 2024-03 na linaisha muda EXP 2026-02, ila pochi ya foili ya ndani ina LOT, yaani namba ya toleo, tofauti, na EXP 2027-08. Wengi watadaka hiyo LOT kutofanana. Lakini duka linalouza kimoja kimoja linaweza kuwa limechanganya mabaki ya maboksi mawili, ni utunzaji mbovu ila sio feki, na kichupa cha bafa, kile kimiminika cha kudondoshea kwenye kipimo, kinaweza kuwa na LOT yake na EXP yake tangu kiwandani. Kinachonishtua mimi ni umri. Kama pochi nayo inasema MFG 2024-03, basi kipimo cha mwezi uleule kimepewa miezi 41 wakati boksi linakipa kama 24 tu, na hapo kuna mtu wa kuulizwa.

Sasa ndo unakuza picha. Kiwandani tarehe huwa inapigwa mwishoni, pochi ikiwa tayari ina maandishi yake mengine, kwahiyo kukaa upande kidogo au kuwa ya vidotidoti ni kawaida kabisa. Kibaya ni tarakimu moja kuwa nene kuliko wenzake, kivuli cha namba nyingine chini yake, foili kufifia pale tu kama imesuguliwa na spiriti, au stika juu ya tarehe. Na flashi inaficha vyote hivyo maana foili inang'aa, piga bila flashi, mwanga utokee ubavuni.

Kwa UPT kuwa makini zaidi kabla hujaita feki, kwa sababu kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza vistripu vya majina mengi, na jina usilolijua au boksi la rangi nyingine halikuambii kitu kuhusu kilichomo ndani.

Tuje kwenye kile watu wa maabara wanachokililia, mstari wa C. Watu wanapiga picha ya kaseti, C imetoka, wanasema kizima hiki. Hapana. C inadaka ile rangi inayosafiri na damu na bafa kwenye karatasi, ikitoka maana yake kimiminika kimefika na rangi bado inafanya kazi, basi. Antibodi zinazodaka protini ya vimelea ziko kwenye mstari wa T, na hizo zinaweza kuwa zimeuawa na joto la stoo ya bati au unyevu ulioingia kwenye tundu dogo la pochi ambalo kamera haioni, au kwa feki kamili hazikuwekwa kabisa. Kipimo cha namna hiyo kitampa kila mtu negativu safi, kwenye pakiti nzuri yenye tarehe sahihi. Mtoto mwenye malaria ya falsiparamu anarudishwa nyumbani bila dawa ya mseto, na malaria hiyo isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kugeuka kuwa kali. Positivu ya uongo inakugharimu dawa, hii negativu inakugharimu mtoto, na hakuna picha ya boksi itakayokuonya. Upande wa UPT ni hivyohivyo, mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi akiambiwa hana mimba, maumivu yake ya tumbo yatatafutiwa sababu nyingine.

Kwahiyo mimi niko na watu wa maabara: picha inaweza kukupa sababu ya kukikataa kipimo, haiwezi kukupa sababu ya kukiamini. Negativu ikigongana na homa iliyo mbele yako, nenda kapime kwa darubini. UPT ikisema hapana na siku zimepita, rudia kwa kipimo cha LOT nyingine, na kama kuna maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu usisubiri kurudia, nenda hospitali.

Na ukitaka kupeleka malalamiko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usitupe pochi baada ya kuichana, wala kile kipakiti cha kunyonya unyevu, wengi wanabaki na kaseti tu. Piga boksi upande wenye LOT, pochi mbele na nyuma, kichupa cha bafa, halafu kama kuna vipimo vya boksi hilo bado havijafunguliwa viache hivyohivyo, maana hivyo ndo maabara inaweza kuvipima kweli.