Sekunde 90, mlango mmoja na begi la abiria

"Wanasema ndege imethibitishwa kutoa watu wote kwa sekunde 90. Sasa mimi nikitumia sekunde tatu kuchukua kibegi changu, namdhuru nani?"

Unamdhuru aliye nyuma yako. Lakini anayeuliza hivi ameshika jambo ambalo watu wa usalama wa anga hawapendi kulisema kwa sauti, kwa hiyo tuanze na hizo sekunde 90 zenyewe.

Kanuni ya Marekani, na ya Ulaya inafanana nayo, inahusu ndege zenye viti zaidi ya 44. Katika jaribio inalolidai, ndege hujazwa abiria hadi kikomo chake, taa za kawaida huzimwa, na nusu tu ya milango ya dharura ndiyo hutumika. Wahudumu hawaambiwi mapema ni milango ipi. Angalau asilimia 40 ya wanaojitolea wawe wanawake na asilimia 35 wawe wamepita miaka 50, na wanasesere watatu hubebwa kama watoto wachanga. Sakafuni hutawanywa mabegi, mito na mablanketi ili watu wayaruke. Angalia hapo: mabegi yamo kwenye jaribio, ila kama vizuizi vya njiani. Hakuna aliyeelekezwa kusimama, kufungua kabati la juu na kuondoka na lake.

Jaribio linalojulikana zaidi ni la Airbus A380, lililofanyika Hamburg Machi 2006. Watu 873, wahudumu wakiwemo, walitoka kwa sekunde 78 kupitia milango 8 kati ya 16. Ukigawanya, kila mlango ulitoa watu kama 109. Tuseme sekunde 10 za mwanzo ziliishia kwenye kufungua mlango na kujaza hewa mtelezo, lile puto refu la kushukia. Zinabaki 68. Mtelezo wa mlango mkubwa una njia mbili sambamba, kwa hiyo kwenye kila njia aliruka mtu mmoja kila baada ya sekunde moja na robo hivi, bila kupumzika. Kasi hiyo ndiyo inayothibitishwa. Mtu akisita mlangoni kwa sekunde tano, nafasi za watu wanne zimepotea kwenye njia hiyo na hazirudi.

Mwenye begi anaweza kujitetea hapa, na utetezi wake una maana. Mara nyingi foleni husimama ndani kwa sababu mlango haujafunguka au umezidiwa. Aliye safu ya 30 akishusha begi lake wakati foleni imesimama, mlango haujapoteza kitu, maana hata asingelishusha angebaki amesimama palepale. Hasara huanza mlango unapokauka, yaani mtu wa mwisho ameruka na anayefuata bado yuko mita nne nyuma anavuta mkoba. Tatizo ni kwamba aliye safu ya 30 haoni mlango. Hajui kama foleni imesimama kwa sababu ya mlango au kwa sababu ya mwenzake wa safu ya 22 anayefanya kama yeye. Mlango mwingine ukifunguka nyuma yake, foleni hugeuka ghafla, na yeye yuko katikati ya njia mikono juu.

Halafu kuna upana. Kwenye ndege kubwa za abiria kanuni inaruhusu njia ya kati ya viti iwe na sentimita 38 tu kutoka sakafuni hadi usawa wa mapaja, na juu ya hapo sentimita 51. Sehemu ile nyembamba ndiyo begi la magurudumu linapopita. Likikwama kwenye mguu wa kiti, anayelivuta hawezi kugeuka na anayemfuata hawezi kumpita. Kwenye mtelezo hali ni mbaya zaidi. Mtu huruka mikono ikiwa huru na kutua kwa miguu ili aondoke mara moja. Aliyekumbatia begi hutua vibaya, huchelewa kusimama, na anayemfuata humparamia. Kitambaa chenyewe kimejaa hewa, na kona ya chuma au gurudumu lililovunjika linaweza kukichana. Kikichanika, mlango mzima umekufa.

Sasa tuweke ajali mbili upande kwa upande, maana hapa ndipo hoja ya begi inapopata nguvu. Tarehe 3 Agosti 2016, Boeing 777-300 ya Emirates kutoka Thiruvananthapuram, India, iligonga njia ya kurukia Dubai ikijaribu kupaa tena, ikateleza kwa tumbo na kuwaka moto. Ilikuwa na watu 300. Video iliyopigwa ndani inaonyesha abiria wakishusha mabegi huku wahudumu wakipaza sauti wayaache. Abiria wote walitoka hai. Aliyekufa ni mzimamoto mmoja. Tarehe 2 Januari 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani uwanjani Haneda, Tokyo. Watu wote 379 waliacha mizigo na kutoka, lakini tangu mgongano hadi rubani mkuu kushuka wa mwisho zilipita zaidi ya dakika kumi. Dubai, walikobeba mabegi, abiria walimalizika chini ya dakika saba.

Ukisoma dakika peke yake utasema mabegi hayana neno. Lakini Haneda milango iliyofaa ilikuwa mitatu tu kati ya minane, kwa sababu ya moto uliokuwa nje, na mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa, wahudumu wakabaki na vipaza sauti vya mkononi. Dubai nako upepo uliinua baadhi ya mitelezo ikawa haitumiki, na dakika kama tisa baada ya ndege kusimama tangi la mafuta la katikati lililipuka. Kati ya abiria wa mwisho na mlipuko zilibaki dakika mbili au tatu. Hizo ndizo zilizoliwa na kila begi, na hakuna aliyekuwa ndani aliyejua ziko ngapi.

Kwa hiyo kuacha mizigo ni sahihi, ila kumtajia abiria sekunde 90 kama sababu ni udhaifu, kwa kuwa jaribio lenyewe halikumpima akiwa na begi. Ningependa lirudiwe na sehemu ya watu wakiwa wameagizwa kubeba mizigo, tuone mlango unapoteza nini.

Wapo wanaotaka kabati za juu zifungwe kwa kitufe wakati wa kuruka na kutua. Wazo linavutia, ila mtu anayevuta kabati lisilofunguka anaweza kuziba njia muda mrefu kuliko aliyefungua na kuchukua, na baadhi ya kabati hizo huwekwa vizimamoto vya wahudumu. Kinachowezekana leo kinahusu kile ambacho watu hurudia begi kwa ajili yake. Anayekwenda kufanya kazi Ghuba ana pasipoti, kibali cha kazi na dawa za presha. Kumwambia aache hivyo viungue ni agizo gumu. Vikikaa kwenye mfuko wa suruali au kipochi kilichovaliwa chini ya shati tangu mkanda unapofungwa hadi ndege ifikapo angani, na tena inapoanza kushuka, begi la juu linabaki na nguo tu.