Watoto 30, ticha mmoja, na keki ya duara

Jamani niacheni nilalamike kidogo, maana nyumbani nimeshapigwa marufuku, mke wangu kasema akisikia tena neno pati kabla ya mwezi kuisha anahamia kwa mama yake na simlaumu.

Stori iko hivi. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu kapita mlangoni, hajaingia hata mguu mzima, kasema ticha, darasa lako lifanye kapati kadogo, watoto wafurahi. Kapati. Ukisikia kitu kinaitwa ka- ujue pesa haipo. Nikamuuliza msaidizi nani, akaniangalia kama nimemuomba figo.

Kwenye grupu la wazazi nikatangaza mchango. Wazazi 26 wakaweka dole gumba, moyo ukanitulia, nikaanza kupanga mpaka soseji. Siku ya mwisho nahesabu hela nakuta waliotoa ni 17 na wanne kati yao wametoa nusu. Yaani dole gumba halinunui juisi, hilo nimelijua ukubwani. Na usije ukajidanganya kwamba wengine watatoa kesho, wewe chukua kilichopo mkononi, toa fungu moja la kumi ufiche kwa dharura, kinachobaki gawa kwa 30, hiyo ndo pati yako, iwe inakupendeza au haikupendezi. Yangu ilitoka kipande cha keki, kikombe cha juisi na pipi moja. Soseji nikaziaga.

Sasa wengi wanadhani shida ya pati ni hela. Mimi mwaka jana nilidhani hivyo hivyo. Shida ni foleni bwana! Mtoto mmoja akinawa mikono anakula nusu dakika, ndogo tu, si ndio? Zidisha mara 30 kwenye bomba moja uone, robo saa nzima. Mwaka jana nilisema wote tukanawe, ile anamaliza wa 30, wa kwanza keshachimba shimo uani anatafuta mchwa. Tukaanza upya. Mara ya pili sabuni ikaisha. Mara ya tatu nikasema Mungu atawalinda, kuleni.

Halafu keki. Mwaka jana nilinunua keki ya duara kwa sababu ilikuwa nzuri, ina maua juu, mimi mwenyewe nafundisha hesabu lakini kichwa kilikuwa likizo. Duara ni nyuzi 360, gawa kwa 30 unapata nyuzi 12 kila mtoto. Chukueni kipimapembe muone nyuzi 12 zikoje, ni kama rula imesimamishwa kwa ubavu. Kipande hakisimami, kinalala, kikilala kinakatika, ukifika kipande cha tisa hapo katikati pamebaki uji na watoto 21 wanakuangalia kama mahakama. Kuna mmoja nilimpa ua tupu. Mama yake mpaka leo akinisalimia ananisalimia kwa herufi moja moja.

Mwaka huu nikajifunza. Keki ya trei, ya mstatili, haina urembo wowote, ina sura ya tofali. Sentimita 30 kwa 42, nikakata sita kwa sita, vipande 36, kila kimoja 5 kwa 7, sawasawa kabisa. Wanafunzi ni 30 lakini usikate 30 hata kwa bahati mbaya, kuna kitakachoanguka chini, kuna mdogo wake fulani atakayeletwa na mama yake “amuone tu kaka”, kuna mwalimu mkuu, kuna mlinzi, na kuna wewe mwenyewe ambaye saa kumi utakuwa hujala kitu tangu asubuhi. Nikaikata jana yake usiku ikiwa imepoa, maana ya moto inamong'onyoka, kisu nachovya kwenye maji ya moto nafuta nakata. Mke wangu amesimama mlangoni kimya. Kile kimya chenye sauti.

Na kabla ya kuagiza safari hii niliuliza kwanza nani hali nini, maana mwaka jana saa nne usiku mama mmoja ndo ananitumia ujumbe, mwalimu, mwanangu akila karanga anavimba koo, na keki ishakuja imepakwa karanga juu kama kokoto. Hiyo si ya kuchekea, ile usiku sikulala.

Juisi ikawa ile nzito ya kuchanganya, maana ndo bajeti. Chupa imeandika sehemu moja ya juisi kwa nne za maji. Kikombe nikapanga mililita 150, usijaze mpaka juu, kikombe kilichojaa mkononi mwa mtoto ni mafuriko yanayosubiri tarehe. Mara 30 ni lita nne na nusu, nikafanya tano, yaani lita moja ya juisi na nne za maji, imeisha hiyo. Mweka hazina wa wazazi, mtu mzima, kanishauri niongeze maji kidogo tupate raundi mbili. Nikamsikiliza. Mtoto mmoja akanywa, akatazama ndani ya kikombe, akaniambia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, haya maji yaliwahi kukutana na juisi?

Maputo sisemi sana. Nilipuliza kwa mdomo, la 12 nikaona nyota, nikakaa chini, nikayaacha. Na bora, yakipasuka vile vipande wadogo wanaweka mdomoni na vinakaba, na mimi macho ni mawili tu.

Michezo ndo nilipojiona mjanja, sikilizeni. Mwaka jana nilicheza ile ya viti na muziki, viti 29 watoto 30, muziki ukizima asiyepata kiti anatoka. Kila raundi dakika moja ya kuzunguka na dakika nyingine ya kugombana nani alikalia kwanza. Piga hesabu, ni karibu saa nzima, na raundi ya 15 unakuwa na nusu ya darasa imekaa pembeni haina kazi. Mtoto asiye na kazi, we acha tu. Walifungua kabati. Walikuta chaki. Mimi huku napiga muziki, naamua kesi, napuliza goti la mtu, na nyuma yangu ukuta unapata sura mpya.

Safari hii nikawagawa makundi 6 ya watoto 5. Kila kundi linasimama juu ya gazeti moja lililotandazwa sakafuni, muziki ukizima lazima wote watano wawe juu, halafu gazeti linakunjwa nusu, tunaendelea, linakunjwa tena. Wote 30 wanacheza kwa pamoja. Na hapa ndo akili yangu ilipowaka, kundi likitoka nje ya gazeti halikai bure, linaenda bombani kunawa, watoto watano tu, dakika mbili na nusu, na bomba naliona kutoka mlangoni. Wakirudi wanakaa wanapiga makofi, keki bado imefunikwa. Foleni ya 30 nimeikatakata kama keki yenyewe. Nilijipongeza kwa sauti.

Nikawasha muziki. Nikazima. Makundi yote sita yakaanguka palepale, raundi ya kwanza, hata gazeti halijakunjwa! Nikasema nini hiki. Kumbe kuna katoto kalikaa mbele kamewanong'oneza wenzake kwamba anayenawa kwanza anakula kwanza. Watoto 30 bombani, foleni ya robo saa, kama mwaka jana vilevile.

Nikawarudisha wote, nikatangaza kwa sauti ya mwalimu wa zamu, atakayebaki mwisho kwenye gazeti ndo anapewa keki kwanza. Loh. Sasa hakuna anayeanguka. Gazeti limekunjwa mara tatu limekuwa la ukubwa wa daftari, watoto watano wamesimama kwa mguu mmoja mmoja wameshikana mashati, hawapumui, makundi sita yote yameganda kama sanamu, na mimi nina dakika 40 tu kengele ilie. Ikabidi nikunje mara ya nne ndo wakaanza kudondoka kundi moja moja, na bomba likapata wateja kwa mpangilio. Kundi la mwisho lilishinda kwa kumbeba mwenzao mdogo mgongoni. Sheria haikukataza, nikawapa.

Kugawa chakula nako nimebadilisha. Sikuita jina moja moja. Trei 6, kila trei sahani 5 na vikombe 5, kiongozi wa kundi anakuja kuchukua anapelekea wenzake, yaani nimegawa mara 6 badala ya 30. Na kiongozi anachukua sahani yake ya mwisho, hilo msilisahau, maana mwanzoni sikulisema na yule wa kundi la kwanza alisimama kati ya trei na meza akilinganisha vipande kwa jicho moja kama fundi seremala.

Chooni je, maana mmoja akiomba wanaomba kumi. Nilitengeneza vibao viwili, huna kibao huendi, ukirudi unamkabidhi mwenzio. Siwezi kuwaacha 28 nikawasindikiza wawili, mimi ni mmoja, sijajigawa. Ikafanya kazi vizuri mpaka kibao kimoja kilipoangukia kule kule chooni. Hatukukifuata.

Pipi sikuzitoa mpaka mwisho, nikasimama nazo mlangoni, unaweka sahani na kikombe chako kwenye gunia ndo unapewa pipi yako unaenda. Dakika sita darasa safi. Mtoto mmoja aliokota na sahani za wenzake tatu akaja kudai pipi nne, tukajadiliana, akatoka na mbili.

Nimekaa kwenye dawati la nyuma, viatu nimevua, nakula kipande changu cha 35. Mwalimu mkuu akaingia, safari hii mguu mzima, akachukua cha 36, akatafuna taratibu, akatazama sakafu, akasema ticha, nimependa mpangilio. Mwakani tuwaunganishe na darasa la jirani, wako 35, mwalimu wao ameomba likizo.

Nilitaka kukataa. Kweli nilifungua mdomo nikatae. Lakini kichwani nikajikuta nasema 65 ni 5 mara 13, makundi 13, na trei ya keki ya 9 kwa 8 inatoa 72, saba za ziada, sema bomba litakuwa bado ni moja.